Mchoro wa familia wa mtoto mdogo: maswali ambayo wazazi huniuliza

Nafundisha chekechea mjini Tanga, watoto wa miaka minne hadi sita. Kila mwisho wa muhula mafaili ya michoro hupelekwa nyumbani, na kila Jumatatu inayofuata huwa kuna mzazi mmoja au wawili wanaonisubiri getini wakiwa wameshika karatasi iliyokunjwa. Karibu kila mara ni ile ya “Chora familia yako”. Nimekusanya hapa maswali yao, na majibu ninayowapa nikiwa na nafasi ya kukaa chini.

Binti yangu hakumchora baba yake. Ana nini?

Nianze na karatasi moja, kwa sababu maswali mengi yanayofuata yamo ndani yake.

Mama mmoja aliniletea mchoro wa bintiye wa miaka mitano. Upande wa kushoto alisimama dada wa kazi, mkubwa kupita wote, kichwa chake kikikaribia ukingo wa juu. Akafuata mama, mdogo zaidi. Katikati yao kulikuwa na duara lenye macho mawili, bila mikono wala miguu: huyo ni mdogo wake wa miezi saba. Binti mwenyewe alikuwa kwenye kona ya kulia, kadogo, kamebanwa na ukingo. Baba hakuwepo. Na karatasi nzima ilikuwa nyeusi na kahawia.

Mama alikuwa ameshaisoma usiku kucha. “Mwalimu, dada anamtisha huyu mtoto, baba yake amemfuta, na yeye mwenyewe anajiona si kitu.” Alikuwa tayari kumrudisha dada kwao Lushoto wiki hiyohiyo.

Kwa bahati nilikuwa kwenye meza ile mtoto alipochora. Alianza na dada, kwa kuwa dada ndiye aliyemleta asubuhi ile na ndiye anayemsuka. Ukurasa ulikuwa mtupu, mkono ukajiachia, dada akawa mrefu. Mama akachorwa katika nafasi iliyobaki, na mtoto akajikumbuka mwisho, kona ikiwa imebaki upana wa vidole viwili. Duara lisilo na mikono? Alisema mwenyewe, “Amefungwa kwenye kanga, amelala.” Rangi nilizijua: meza ya watoto wanne ilikuwa na boksi moja, nyekundu na bluu zilikuwa zimeshanyakuliwa.

Nikamwita tukiwa na mama yake, nikamuuliza, “Na baba?” Akatutazama kama tunaouliza jambo la wazi. Akaweka kidole juu ya meza, nje kabisa ya karatasi. “Baba yuko huku. Yuko Tunduma.” Baba yake ni dereva wa lori, na wiki ile alikuwa kwenye foleni ya mpakani. Mtoto alikuwa amemchora mahali alipo. Ila karatasi haikufika huko.

Kwa hiyo jibu: mtu anayekosekana kwenye mchoro anaweza kuwa amesafiri, amesahaulika, ni mgumu kuchora, nafasi imekwisha, au kengele ya uji imelia. Anaweza pia kuwa ametengwa kwa makusudi. Karatasi haikuambii ni lipi kati ya hayo. Mtoto huweza kukuambia, ukimuuliza vizuri, na hapo chini nitaeleza namna.

Lakini ukubwa wa mtu si unaonyesha nani ana nguvu nyumbani?

Hili ndilo linaloaminiwa zaidi, na ndilo linalopotosha zaidi, kwa hiyo nitakaa nalo kidogo.

Mtoto wa miaka minne au mitano hapangi ukurasa kabla ya kuanza. Anaanza na kichwa, karibu kila mara, na anakichora kikubwa cha kutosha kuingiza macho, pua na mdomo. Akimaliza ndipo anagundua kwamba chini pamebaki padogo, basi kiwiliwili kinakuwa kifupi. Mwaka 1988 watafiti wawili wa Uingereza, Thomas na Tsalimi, walilijaribu hili kwa njia nyepesi: waliwafanya watoto waanze na kiwiliwili badala ya kichwa. Vichwa vilevile vilivyokuwa vikubwa mno vikarudi karibu na kipimo cha kawaida. Mtoto hakubadilika, hisia zake hazikubadilika, kilichobadilika ni mpangilio wa kuchora.

Linganisha na mistari ya watu katika familia. Wa kwanza anapata ukurasa mzima, wa mwisho anapata mabaki. Ndiyo maana ukiokota mchoro usiojua ulianzia wapi, ukubwa haukuambii kitu. Ukiwa unajua mpangilio, unaweza kujiuliza swali bora zaidi: kwa nini alianza na huyu? Na hata hilo mara nyingi jibu lake ni la kawaida: ndiye aliyekuwa naye asubuhi, ndiye ana nywele anazojua kuzichora, au ndiye aliyekaa mbele yake wakati ule.

Kuna ukweli mdogo ndani ya imani hii, nisiufiche. Esther Burkitt na wenzake waliwapa watoto mtu wa kawaida wa kuchora, kisha wakawaambia mtu huyo ni mwema sana au ni mbaya sana. Yule mwema alielekea kuchorwa mkubwa zaidi. Upande wa mbaya matokeo hayakuwa thabiti hivyo. Lakini tazama: huo ni mwelekeo wa kundi la watoto wengi, katika chumba ambamo mtafiti ndiye aliyepanga kila kitu. Huwezi kuuchukua ukaushusha juu ya karatasi moja ya mtoto mmoja na kusema sasa nimejua nani anapendwa.

Amechora watu bila mikono. Nimesoma kwamba maana yake anajihisi hana uwezo, au anaogopa kupigwa.

Kwanza niambie ana miaka mingapi.

Watoto wengi wakianza kuchora mtu, yaani kwenye miaka mitatu au minne, huchora kile ninachokiita kiluwiluwi: duara moja lenye macho, na miguu miwili inayotoka moja kwa moja kwenye duara. Kiwiliwili hakipo. Mikono ama haipo, ama inatoka pale yalipo masikio. Hali hii hutokea kwa watoto wa nchi nyingi, na mtoto huyohuyo ukimuuliza tumbo lako liko wapi atakugusisha tumbo. Anajua mwili wake. Kilicho kigumu ni kuupanga kwenye karatasi, sehemu kwa sehemu, huku mkono unachoka na unakumbuka kitu kimoja kwa wakati.

Mwingereza Norman Freeman alionyesha jambo hili kwa ujanja katika miaka ya 1970. Aliwapa watoto michoro iliyokwisha kuanzwa, ina kichwa na kiwiliwili, akawaambia waongeze mikono. Wale wachora viluwiluwi waliiweka mikono kwenye duara lililo kubwa zaidi. Kichwa kikiwa kikubwa kuliko tumbo, mikono ilichipuka kichwani. Hapo utaona kwamba mahali pa mikono huamuliwa na umbo lililo mbele ya jicho la mtoto.

Kwa hiyo mtoto wa miaka minne asiyechora mikono ni mtoto wa miaka minne. Wa miaka saba ambaye kwa miezi mingi alichora mikono na vidole vitano, kisha ghafla ameacha, huyo namwangalia zaidi, nitafika huko.

Na usisahau sababu za kijinga. Nina mvulana mmoja darasani anayechora kila mtu mikono ikiwa mgongoni. Nilipomuuliza alisema vidole vinamshinda.

Ametumia rangi nyeusi tupu. Je, ana huzuni?

Hesabu krayoni zilizokuwepo. Sifanyi mzaha. Katika boksi la rangi 12 linalotumiwa na watoto wanne, ya njano huvunjika siku ya kwanza, nyekundu huwa na mwenyewe, na nyeusi ndiyo hubaki ndefu. Tena nyeusi huonekana vizuri kwenye karatasi nyeupe na haihitaji kukandamizwa; mtoto mwenye mkono laini huipenda kwa hilo tu.

Watoto wakipewa rangi nyingi za kuchagua huelekea kumpa mtu mwema rangi wanazozipenda na mtu mbaya zile wasizozipenda. Neno muhimu ni “wanazozipenda”. Ukitaka kujua rangi ina maana gani kwa mwanao, jua kwanza anapenda ipi. Ninao wasichana wawili ambao nyeusi ndiyo rangi yao ya kwanza, maana ndiyo rangi ya baibui la mama.

Amejichora mbali na mimi, karibu na bibi yake. Hanipendi?

Watoto wa umri huu huwapanga watu kwenye mstari, wamesimama wote wakitazama mbele, kama wako studio ya picha. Aliyeko jirani na nani hutegemea sana nani alichorwa baada ya nani, na upande gani wa karatasi ulikuwa bado mtupu. Anayeanza kushoto kwenda kulia, kama anavyofundishwa kuandika, atawapanga hivyo. Na hapa Tanga, mtoto anayeshinda madrasa kila jioni mara nyingine huanza kulia. Soma mchoro wake kutoka kushoto na utampata wa mwisho mahali pa wa kwanza.

Likusumbue lisikusumbue, bibi anaweza kuwa ndiye anayelala naye. Hilo si kosa lako, ni ratiba ya nyumba yenu.

Mbona wataalamu wenyewe wana vipimo vya michoro? Wewe unajifanya kujua kuliko wao?

Hapana, naomba tuwasome wote, si wale tunaowapenda tu.

Vipimo hivi vina historia ndefu. Mwaka 1926 Mmarekani Florence Goodenough alianza kuwaambia watoto wachore mtu, akahesabu vitu vilivyomo, orodha ya vipengele 51, ili kukadiria ukuaji wa akili. Hakuwa anatafuta siri za moyo. Aliyefungua mlango huo kwa kishindo ni Karen Machover mwaka 1949, aliyesema kwamba mtu anapochora mtu anajichora mwenyewe: macho makubwa ni shuku, mabega mapana ni mashaka ya uanaume, na kadhalika. Mwaka 1968 Elizabeth Koppitz akatoa orodha ya ishara 30 za kihisia kwa watoto, na mwaka 1970 Burns na Kaufman wakaleta kipimo cha kumwambia mtoto achore kila mtu wa familia akiwa anafanya kitu fulani. Mengi unayotumiwa kwenye makundi ya WhatsApp ni mabaki ya vitabu hivyo, yamekatwa ncha zote za tahadhari. Koppitz mwenyewe alionya kwamba ishara moja peke yake haisemi lolote.

Sasa sikiliza hii. Mwaka 1967 mume na mke, Loren na Jean Chapman, walichukua michoro ya watu, wakabandika kwenye kila mmoja maelezo ya matatizo ya aliyeuchora. Maelezo yale waliyabandika kwa kuchanganya ovyo, ili kusiwe na uhusiano wowote kati ya mchoro na tatizo. Wakawaonyesha wanafunzi wa chuo ambao hawajasomea vipimo hivi, wakawauliza wameona nini. Wanafunzi waliona waziwazi kwamba wenye shuku huchora macho ya ajabu, na wanaojali uanaume huchora mabega mapana. Yaani waliona yaleyale ambayo wataalamu walisema wameyaona kwa wagonjwa wao, katika michoro ambayo hayakuwemo.

Nadhani huu ndio ukweli muhimu kuliko yote kwa mzazi. Macho na shuku vinakaa pamoja kichwani mwetu kabla hatujaiona karatasi. Mama wa yule binti alikuwa na wasiwasi na dada wa kazi tangu mwezi uliopita, kwa ajili ya sabuni iliyokuwa ikipungua. Karatasi ilimpa mahali pa kuuweka wasiwasi huo.

Ili niwe mwadilifu: huko Minnesota, watafiti Fury, Carlson na Sroufe mwaka 1997 walipima michoro ya familia ya watoto wa miaka minane na tisa ambao walikuwa wamefuatiliwa tangu uchangani. Ishara moja moja zilisaidia kidogo sana. Lakini mchoro ulipotazamwa mzima na watu waliofunzwa, ulikuwa na uhusiano fulani na jinsi mtoto alivyolelewa mapema. Basi kipo kitu. Kinahitaji watazamaji waliofunzwa, watoto wengi, umri mkubwa zaidi ya wa chekechea, na hata hivyo hakitoshi kumhukumu mtu.

Vipimo hivyo vinafaa kwa watoto wetu wa Kiafrika?

Swali zuri, na lina jibu. Ariane Gernhardt na wenzake walilinganisha michoro ya familia ya watoto wa wakulima wa kabila la Nso, kaskazini magharibi mwa Kameruni, na ya watoto wa mjini Ujerumani. Watoto wa Kinso walichora watu wadogo zaidi, nyuso hazina tabasamu, mikono imeshuka pembeni. Wajerumani walichora wakubwa, wanacheka, mikono imeinuliwa.

Ukitumia kanuni zilizotungwa Ulaya na Marekani, watu wadogo wasiotabasamu na mikono iliyoshuka ni dalili za mtoto asiye na usalama kwa wazazi wake. Ingebidi useme kijiji kizima cha Kinso kina watoto waliovunjika moyo. Watafiti wakaona kinyume: kijijini, mtoto mtulivu na mwenye adabu ndiye mtoto mwema, na kujikuza katikati ya watu wazima si jambo la kusifiwa. Watoto walichora adabu.

Mimi naongeza la kwetu. “Chora familia yako” ni maneno ya kigeni kidogo kwa mtoto wa Tanga. Familia ni akina nani? Mmoja anachora watu wanne wa nyumbani. Mwingine anachora mama mkubwa aliyeko Pangani, binamu watatu anaowaita kaka, mpangaji wa chumba cha uani, na paka. Mzazi anaona msongamano na kudhani mtoto amevurugikiwa. Nikitaka watu wanaolala nyumbani, siku hizi nasema hivyo: “Chora watu wanaolala nyumbani kwenu.” Michoro ikabadilika siku hiyohiyo.

Je, mchoro unaweza kuonyesha kwamba mtoto anadhalilishwa?

Peke yake, hapana. Mwaka 2012 Allen na Tussey walipitia tafiti zilizokuwepo kuhusu michoro na watoto waliopigwa au kudhalilishwa kingono, wakahitimisha kwamba hakuna ishara wala mfumo wa kupimia uliothibitika kuwatofautisha na watoto wengine. Hatari iko pande mbili. Mtu asiye na hatia anaweza kushtakiwa kwa ajili ya vidole virefu. Na mtoto anayeumizwa anaweza kuchora jua na maua, kila mtu akapumua.

Kinachonisimamisha mimi ni vitu vya nje ya karatasi: mtoto aliyeacha kukojoa kitandani akaanza tena, asiyetaka kubaki na mtu fulani, maumivu au alama mwilini, michezo au maneno ya kingono yasiyolingana na umri. Na zaidi ya yote, maneno yake mwenyewe. Mtoto akichora akasema “hapa ananiumiza”, ushahidi ni kauli, si mstari wa penseli. Usimhoji usiku kucha, usimwambie achore tena “alivyokufanya”. Andika maneno yake kama alivyoyasema, mwambie hujamkasirikia, kisha nenda ofisi ya ustawi wa jamii au Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi. Namba 116 ya simu ya huduma kwa mtoto inafanya kazi Tanzania na Kenya.

Kwa nini nasema usimhoji kwa mchoro? Kwa sababu kuchora huongeza maneno, na maneno yanaweza kuwa ya kweli au ya kupandikizwa. Gross na Hayne, huko Nyuzilandi, waliona mwaka 1998 kwamba watoto wa miaka mitatu hadi sita walioombwa wachore na kueleza tukio lililowagusa walisema zaidi ya mara mbili ya walioombwa kueleza tu. Lakini Bruck na wenzake walionyesha mwaka 2000 kwamba mtoto aliyelishwa habari za uongo kisha akaombwa azichore, huzikumbuka baadaye kama zilizotokea kweli. Mchoro hukaza kilichomo kichwani, awe amekiweka mwenyewe au umemwekea wewe.

Basi nimuulizeje?

Kaa chini, usawa wa meza. Kama inawezekana uwepo wakati anachora, ukishughulika na jambo lako, mfano kuchambua mchele. Mtoto anayetazamwa usoni hunyamaza. Akimaliza sema tu, “Niambie kuhusu picha yako.” Halafu subiri. Kusubiri ndiko kugumu. Sisi wazazi tunajaza kimya kwa majibu yetu: “Huyu ni mama, eh? Amekasirika?” Mtoto wa miaka mitano atakubali, kwa adabu. Sasa umepata jibu lako, si lake.

Maswali yanayofaa ni yale asiyoweza kuyajibu kwa ndiyo au hapana. Huyu nani? Wanafanya nini hapo? Nini kitatokea baadaye? Na kama kuna asiyekuwepo, usiulize “mbona hukumchora baba?”, ambalo kwa sikio la mtoto ni lawama, atalitungia sababu. Uliza, “Na wengine wako wapi?” Ndivyo tulivyoipata Tunduma.

Kwa hiyo kuna chochote mchoro unaniambia kwa hakika?

Kipo. Mchoro unaniambia mkono wake umefika wapi: kama duara linafunga, kama mistari inakutana, kama anashika penseli bila kuichoka. Unaniambia anavyofikiri kuhusu kuchora. Georges-Henri Luquet, Mfaransa aliyeifuatilia michoro ya bintiye na kuitolea kitabu mwaka 1913, alieleza kwamba mtoto mdogo huchora anachojua, si anachoona. Ndiyo maana utamwona mtoto mchanga ndani ya tumbo la mama, au miguu ya baba ndani ya suruali kana kwamba kitambaa ni kioo. Mama mjamzito aliwahi kuniletea mchoro wa namna hiyo akiwa na hofu kwamba mwanawe ana macho ya kiganga. Ana miaka mitano, basi. Na ameelewa mdogo wake yuko wapi.

Unaniambia pia anachokiona kuwa cha kutosha kutajwa: mitungi ya maji, bajaji ya mjomba, televisheni. Hayo ni mambo ya kuzungumza naye, na ndiyo faida yangu kubwa.

Na akili? Jirani anasema mtoto wake anachora vizuri kwa hiyo ana akili.

Kidogo. Katika utafiti wa Rosalind Arden na wenzake uliotolewa mwaka 2014, jozi 7,752 za mapacha wa Uingereza walichora mtoto wakiwa na miaka minne. Alama za mchoro zilihusiana na alama za akili za umri huo kwa 0.33, na za miaka 14 kwa 0.20, ambapo 1 ingekuwa kulingana kamili. Ni uhusiano wa kweli lakini mwembamba. Kuna watoto wengi wanaochora ovyo na kufikiri vizuri. Mwambie jirani hongera.

Ni lini mabadiliko kwenye michoro yanipe wasiwasi?

Linganisha mtoto na mtoto huyohuyo, si na wa jirani. Chukua michoro mitano au sita ya miezi kadhaa na uipange sakafuni kwa tarehe. Mchoro mmoja wa ajabu ni siku moja: ana malaria, alikuwa na haraka, ameona katuni ya mazimwi. Mtindo mpya unaodumu wiki nyingi, pamoja na mabadiliko ya kula, kulala, kucheza au kuongea, huo ni wa kuzungumza na mwalimu wake na, ikibidi, na daktari. Yaani karatasi inakuambia utazame, na kutazama kunafanyika nje ya karatasi. Mtoto anayerudi nyuma katika kuchora, akawa anashindwa kushika penseli aliyokuwa akiishika, huyo mpeleke hospitali bila kuchelewa, hata kama hisia zake ni shwari.

Nimsahihishe? Mama yake hana vidole saba.

Acha.

Niandike nini kwenye mchoro?

Usiandike mbele, ni picha yake. Nyuma andika tarehe, umri kwa miaka na miezi, alianza na nani, rangi zilizokuwepo, na maneno aliyosema mwenyewe bila kuyanyoosha. Mama wa yule binti sasa anafanya hivyo. Wa mwezi uliopita alinionyesha: nyuma ameandika kwa kalamu ya bluu, “Miaka 5 na miezi 8. Ameanza na paka. Baba yupo, ana lori. Dada ni mdogo safari hii kwa sababu lori ni kubwa.”